Wiki 31 kabla ya ndoa: kisa cha bi harusi aliyetaka kukata sentimita 13

Alikuja saluni kwangu Ngamiani, Tanga, Jumamosi ya tarehe 17 Mei 2025, na shangazi yake na somo wake. Ndoa ilikuwa tarehe 20 Desemba. Nywele zilikuwa za dawa, za siku nyingi, na ncha zimechoka kiasi kwamba ukizinyanyua mbele ya dirisha unaona barabara. Alitaka ncha zote mbovu ziondoke siku ileile, kisha zikue hadi Desemba, ili siku ya ndoa nywele zake mwenyewe, bila kipande cha bandia, zivutwe nyuma ya utosi zifungwe fundo moja la kubandikia vikuba vya asumini.

Hesabu alikuwa ameshaipiga. Alikuwa amesoma kwamba nywele hukua inchi nusu kwa mwezi. Miezi saba na siku chache, akapata kama sentimita 9. "Dada, kata 13 tu, mpaka Desemba zitakuwa zinatosha."

Sikukata 13. Naandika kisa hiki kwa vipimo vyake, kwa sababu nimewaona mabinti wengi wakikatwa kwa hesabu ile ya inchi nusu, na mtu hajui kama imemdanganya mpaka wiki ya harusi, wakati hakuna tena la kufanya.

Kabla ya kuuliza nywele zinakua kwa kasi gani, nilitaka kujua zinatakiwa zifike wapi. Neno "ndefu" halimsaidii msusi. Nilichukua uzi wa kushonea, nikamwomba aonyeshe kwa kidole mahali anapotaka fundo likae, nikaushika uzi hapo na kuulaza kichwani hadi kwenye mstari wa nywele pajini. Ukatoka sentimita 16. Kutoka kisogoni ulikuwa mfupi zaidi, na nywele za kisogoni zilikuwa na nafasi ya kutosha, kwa hiyo za mbele ndizo zilizobeba uamuzi wote. Juu ya zile 16 niliongeza 4 za kuingia ndani ya mpira na kuzungushwa. Lengo likawa sentimita 20 za mbele, siku ya tarehe 20 Desemba. Uzi ule niliufunga fundo kwenye alama ya 16, nikauweka kwenye bahasha pamoja na kadi yake. Utaonekana tena.

Siku hiyo nywele zake za mbele, zikivutwa, zilikuwa sentimita 24. Hesabu yenyewe ni fupi: urefu wa leo, ongeza kitakachoota, toa lengo, kinachobaki ndicho unachoweza kukata. Kwa inchi nusu yake: 24 na 9 ni 33, toa 20, inabaki 13. Hapo hakukosea kujumlisha wala kutoa. Tatizo ni ile 9 ilikotoka.

Inchi nusu kwa mwezi ni wastani wa watu wa nywele za kila aina. Nywele zetu za kujikunja sana kwa kawaida hukua polepole kuliko hapo, mara nyingi chini kidogo ya sentimita moja kwa mwezi, na hata katika sisi wenyewe mtu na mtu hutofautiana. Kumtabiria mtu mmoja kwa wastani wa wengine ni kubahatisha, na hapa hapakuwa na haja, kwa kuwa mwenye nywele za dawa anatembea na rekodi yake kichwani. Siku ya mwisho aliyoweka dawa imeandikwa kwenye unywele wenyewe: juu ya hapo ni nywele mpya zinazojikunja, chini ya hapo ni nywele zilizonyooshwa. Nilimwuliza tarehe ya ritachi ya mwisho. Akafungua picha kwenye simu, akakuta aliyopigwa siku ile anatoka saluni: 8 Februari. Wiki 14 kamili.

Namna ya kupima ndipo wengi wanapopoteza. Nywele ziwe zimeoshwa na kukauka, hazina mafuta mazito. Nikapasua mstari katikati ya kichwa, nikahesabu vidole vitatu kutoka pajini, nikachukua fungu dogo la unene wa njiti ya kiberiti. Mahali hapo nilipaandika kwenye kadi yake, kwa sababu nywele za mbele, za utosini na za kisogoni hazilingani, na ukipima leo utosini na mwezi ujao kisogoni utakuwa umelinganisha vitu viwili. Nikalinyunyizia fungu maji kidogo. Nywele mpya zikajikunja papo hapo kama chemchemi, za dawa zikabaki zimelala, na mpaka wa mbili hizo ukaonekana wazi. Nikaushika mpaka kwa vidole viwili, nikavuta mpaka nywele zikanyooka bila kuzilazimisha, maana nywele yenye maji ukiivuta kwa nguvu inarefuka kama mpira na utasoma urefu usiokuwepo.

Halafu rula. Rula ya shule ina kipande kitupu kabla ya sifuri, na ukiisimamisha kwenye ngozi ya kichwa kipande hicho kinakula milimita kadhaa. Katika kitu kinachokua chini ya milimita mbili kwa wiki, hizo ni wiki mbili au tatu zimepotea. Rula yangu nimeikata kwa wembe hadi kwenye mstari wa sifuri.

Nywele mpya zilisoma sentimita 3.2. Mtu mwenye haraka atagawa 3.2 kwa wiki 14 apate 0.23 kwa wiki. Lakini msusi anayejali haweki dawa mpaka kwenye ngozi, huacha nafasi ili isichome. Kwa hiyo sehemu ya zile 3.2 ilikuwepo tangu siku ya dawa, haikuota baadaye. Mimi huacha kama nusu sentimita, nikachukulia na yeye aliachiwa hivyo: zikabaki 2.7 kwa wiki 14, yaani 0.19 kwa wiki. Kutoka siku ile hadi ndoa zilikuwa wiki 31. Mara 0.19, kama sentimita 6. Tayari tulikuwa tumepungua 3 kutoka kwenye 9 zake.

Nikarudia hesabu mbele yao: 24 na 6 ni 30, toa 20, inabaki 10. Katika hizo nikatoa 1, kwa sababu nywele zinazojikunja zikivutwa kwa jeli hazinyooki kama zinavyonyooka chini ya rula, na nyingine 2 za kukatika njiani. Zikabaki 7. Nikasema leo tunakata 5.

Binti alinyong'onyea. "Sasa zile mbovu zilizobaki?" Nikamjibu kwamba kipimo kimoja sikiamini, na kwamba sentimita 2 tulizoziacha tunaweza kuzikata mwezi wowote, lakini tukizikata leo hakuna wa kuzirudisha. Somo wake, mama mtu mzima ninayemheshimu, alishauri tungoje mwezi mchanga, nywele zikikatwa mwezi unapoandama hukua upesi. Nilimwambia, "Bi Mkubwa, tarehe ya kukata nitaifuata unayotaka wewe, ila hesabu sitaibadilisha." Unywele huota kutoka kwenye shina lililo ndani ya ngozi, na sehemu iliyokwisha toka nje haina uhai wa kuarifu shina kwamba ncha imekatwa. Kukata ncha kunazuia mpasuko usipande juu, na hiyo ni faida kubwa, lakini haiongezi hata milimita moja ya kuota. Alinisikiliza, akaniuliza na mafuta ya nazi je? Nayo vilevile: yanasaidia nywele isidhoofike inapooshwa, kwa hiyo inakatika kidogo, lakini kasi ya shina ni ileile. Tukakata siku ileile. Mbele zikabaki 19.

Shangazi yeye alitaka ritachi nyingine mwezi wa nane ili "zisimsumbue kuchana". Hiyo nilikataa kwa sababu mbili. Mpaka wa dawa ndio ulikuwa alama yetu ya kupimia. Na dawa ikigusa tena nywele iliyokwisha kuwekwa dawa, kama inavyotokea kila ritachi inapopakwa ovyo, inazidi kuidhoofisha palepale tunapotaka ishike.

Kabla hawajaondoka niliuliza jambo ambalo wasusi wengi tunasahau: kama amejifungua, amefanyiwa upasuaji au ameugua homa kali karibuni. Mwili ukipata mshtuko wa namna hiyo, nywele nyingi huacha kukua kwa pamoja na kuingia kwenye mapumziko, kisha kama miezi mitatu baadaye zinang'oka kwa wingi. Aliyejifungua mwezi wa tano anaweza kushika nywele mkononi mwezi wa nane. Kwa mtu wa hivyo singetoa ahadi ya urefu, ningepanga mtindo wa nywele fupi tangu mwanzo. Kwake hakukuwa na kitu.

Tarehe 12 Julai, wiki 8 baadaye, alirudi. Fungu lilelile, vidole vitatu kutoka pajini, maji, rula. Nywele mpya: 4.6. Zimeongezeka 1.4 kwa wiki 8, ambayo ni 0.175 kwa wiki. Ndiyo sababu nilitaka kipimo cha pili. Ukichukua tofauti ya vipimo viwili ulivyopima mwenyewe, ile nafasi aliyoacha msusi wa zamani inajifuta, kwa kuwa imo kwenye vyote viwili. Nikirudi nyuma kwa kasi hiyo, wiki 14 za mwanzo zilitoa kama sentimita 2.4 au 2.5 tu. Maana yake aliachiwa karibu milimita 7 au 8 bila dawa, si nusu sentimita niliyodhani. Nilikuwa nimemkadiria juu kuliko haki yake. Makosa ya kusoma rula nayo yapo: milimita moja huku na moja kule ndani ya 14 si kidogo, kwa hiyo 0.175 niliiona kama kitu kati ya 0.15 na 0.20. Kadiri unavyoweka wiki nyingi kati ya vipimo, ndivyo kosa hilo linavyopungua uzito. Ndiyo maana kupima kila wiki hakuna faida, utaona rula inakudanganya tu.

Kisha nikapima urefu wote. Tuliacha 19, zimeota 1.4, nilitegemea 20.4. Rula ikasema 19.8. Hapa ndipo pana jambo ambalo ningependa kila mwenye nywele za aina yetu alishike: kuota na kurefuka ni vitu viwili, na vinapimwa na namba mbili. Nywele mpya zinakuambia shina linafanya nini. Urefu wote unakuambia kilichobaki. Tofauti yake, hapa milimita 6, ni nywele zilizokatika. Mtu anayepima urefu wote peke yake angesema "nywele zangu hazikui", akaanza kununua mafuta ya kuotesha, na shina halina tatizo lolote.

Nikamwomba avue ushungi polepole. Ndani alikuwa amevaa kofia ya pamba inayobana, na kwenye ukingo wake wa mbele palikuwa na vipande vifupi vya nywele. Nikaviweka juu ya karatasi nyeupe. Unywele uliong'oka wenyewe ni mrefu na una kinundu kidogo cheupe upande wa shina. Hivi vilikuwa vifupi, havina kinundu upande wowote, vingine vimejikunja nusu na kunyooka nusu. Maana yake vingine vilikuwa vimekatika karibu na ule mpaka, mahali nywele yenye nguvu inapokutana na iliyochoshwa na dawa. Pamba inakunywa mafuta ya nywele na kuzisugua, na jasho la Tanga hata Julai unalijua. Tukabadilisha: kofia ya satini ndani, ushungi juu. Kuchana kukawa siku ya kuosha tu, nywele zina maji na losheni, kwa chanuo la meno mapana, kuanzia kwenye ncha kupanda juu.

Kisha uamuzi. Zilibaki wiki 23. Kwa 0.175 ni sentimita 4. Kama hakuna kitakachokatika, 19.8 zitafika 23.8. Kama zitaendelea kukatika kama wiki 8 zile, tutapoteza kama 1.7 na kufika 22.1. Lengo langu lilikuwa 20 na ile 1 ya jeli, yaani 21. Kwa hesabu ya tahadhari nilikuwa na sentimita moja tu ya kukata. Nikakata moja. Kama Mei ningekata zile 7 zote, siku ile nisingekuwa na cha kukata kabisa, ningekuwa ninaomba.

Katikati ya Septemba alinipigia akilia. Alikuwa amesukwa twende kilioni za kulegea kwa wiki sita, amefumua, na beseni limejaa nywele. Nilimwambia achukue kumi aangalie ncha. Nane zilikuwa na kinundu cheupe. Kwa kawaida mtu hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku, na zikiwa zimesukwa hazina pa kuangukia, zinangoja ndani ya mistari. Wiki sita ni siku 42, na kwa kiasi cha chini kabisa ni zaidi ya nywele 2,000 kwenye beseni moja. Zinatisha macho lakini ni za haki yake.

Tarehe 4 Oktoba nikapima tena, wiki 12 tangu Julai. Nywele mpya 6.6. Sasa nilikuwa na wiki 20 tangu kipimo cha kwanza na ongezeko la 3.4, yaani 0.17 kwa wiki, na hiyo niliiamini. Urefu wote 20.5. Nilitegemea 20.8, kwa hiyo zimekatika milimita 3 kwa wiki 12, ambapo mwanzo zilikatika 6 kwa wiki 8. Kofia ya satini ilikuwa imefanya kazi yake. Zilibaki wiki 11, ambazo zingetoa 1.9, tuseme zikatike milimita 4: 22. Sentimita moja ya mwisho ilikuwa yetu, na safari hii niliipangia siku: tarehe 29 Novemba, wiki tatu kabla ya ndoa. Sikutaka kukata wiki ya harusi. Nyumba imejaa wageni, kila shangazi ana maoni, mkono unaweza kuteleza, na hakuna wiki za kurekebisha.

Tarehe 18 Desemba, Alhamisi, nilikwenda kwao Chumbageni kumwosha nywele. Joto la kaskazi lilikuwa limeshaingia, hata feni ilikuwa inasukuma hewa ya moto. Nikapima kabla ya jeli: mbele 20.7. Nilikuwa nimekadiria 21. Nikatoa bahasha, nikautoa uzi wenye fundo kwenye 16, nikaulaza kichwani kutoka pajini kama siku ile ya Mei. Kisha nikavuta nywele za mbele juu yake. Zikalipita fundo la uzi na kubaki kipande cha upana wa vidole viwili na ushee.

Yeye mwenyewe ndiye aliyeuliza, akiwa ameshika kioo: je, kama Mei tungekata zile 13? Tukapiga hesabu kwenye mgongo wa kadi yake. 24 toa 13, zinabaki 11. Wiki 31 kwa 0.17 zimempa 5.3. Jumla 16.3, na ukitoa za kukatika hata kidogo tu, ni 16. Akautazama uzi. Ncha zingefika pale pale kwenye fundo, bila sentimita moja ya kuingia kwenye mpira.

Jumamosi alfajiri nilizivuta kwa jeli na brashi laini, nikafunga mara mbili, nikazungusha. Fundo lilitoka dogo, la ukubwa wa ndimu. Somo akabandika vikuba kuzunguka, vitatu, na cha nne akakichomeka kando ya sikio la kulia. Fundo halikulegea mpaka usiku. Kwenye kadi yake niliandika 0.17, na tarehe ya kurudi Machi kukata kilichobaki cha dawa.